Zohali ya Mume Katika Nyumba ya Mke

Wanajimu wanaolinganisha nyota za wapenzi huchukua sayari za mmoja na kuzipanga katika nyumba 12 za chati ya mwenzake. Sayari huwa mgeni, na nyumba hueleza amefikia upande gani wa maisha ya mwenyeji.

Tuchukue mfano. Mke alizaliwa Dar es Salaam Juni 20, saa mbili asubuhi. Saa hiyo buruji inayochomoza mashariki ni Saratani, nayo ndiyo nyumba yake ya kwanza. Hesabu kutoka hapo: Asadi ya pili, Sumbula ya tatu, Mizani ya nne. Mume alizaliwa mwanzoni mwa Oktoba 1981, Zohali ikiwa karibu digrii 12 za Mizani. Kwa hiyo Zohali yake imeingia nyumba ya nne ya mke, nyumba ya makazi, wazazi na asili. Zohali ni sayari ya wajibu na mipaka. Mnajimu atasema mwanamume huyu analeta nidhamu nyumbani: paa litazibwa na kodi italipwa kwa wakati, lakini mke anaweza kujiona anakaguliwa kwake mwenyewe.

Mume hatalazimika kuhisi vivyo hivyo. Kujua sayari za mke zimeingia wapi kwake kunahitaji chati yake yeye, na huenda jibu likawa tofauti kabisa. Usomaji wa upande mmoja ni nusu ya kazi.

Angalia pia kilichohitajika. Kwa mume ilitosha tarehe, kwa sababu Zohali hutembea polepole mno. Kwa mke ilihitajika saa, maana buruji inayochomoza hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Hapa ndipo Waswahili wengi hukosea. Mama amesema “saa mbili asubuhi”, mtoto anaandika 02:00 kwenye kompyuta badala ya 08:00. Saa sita zimepotea, robo ya mzunguko wa anga. Sasa inachomoza Hamali, na Zohali ileile imehamia nyumba ya saba, ya ndoa. Mke anaambiwa ndoa yake ni mzigo, kumbe ni saa iliyoandikwa vibaya. Namna rahisi ya kuligundua kosa: aliyezaliwa asubuhi, Jua lake lazima liwe juu ya mstari wa upeo kwenye mchoro. Likiwa chini, rudia saa.

Hata saa ikiwa sahihi, wanajimu hawakubaliani. Tumehesabu buruji nzima kuwa nyumba moja. Wengine huanza nyumba kwenye digrii hasa inayochomoza, kwake karibu ya 18 ya Saratani. Hapo nyumba ya nne inaanza digrii 18 za Mizani, na Zohali ya digrii 12 inabaki ya tatu, nyumba ya ndugu na mazungumzo. Sayansi haijathibitisha usomaji wowote kati ya hiyo, kwa hiyo muulize mnajimu wako anatumia mfumo gani kabla hajafika kwenye mahari.