Barua Pepe za Kughushi kwa Jina la PayPal

Mwaka 2000 wateja wa PayPal walipokea barua pepe zilizosema kuna fedha zinawasubiri, pamoja na kiungo cha kubofya. Kiungo hicho kilikwenda paypai.com. Ikiandikwa PayPaI, I kubwa ya mwisho hufanana na l ndogo, na jicho lenye haraka halioni tofauti. Ukurasa uliofunguka ulikuwa nakala ya ule wa PayPal, na aliyeingiza nywila yake hapo alikuwa amewakabidhi matapeli.

Mbinu hiyo bado hai, na inawahusu hasa Wakenya wanaofanya kazi mtandaoni na kuhamishia malipo yao ya PayPal kwenye M-Pesa.

Jina la mtumaji linaloonekana juu ya ujumbe halithibitishi chochote, kwa kuwa mtumaji hulijaza mwenyewe apendavyo. Kwenye simu mara nyingi huonekana jina tu; ni lazima kuligusa ili anwani kamili ijitokeze. Sehemu ya kuchunguza ni ile iliyo baada ya @, na husomwa kutoka mwisho kurudi nyuma. Anwani service@paypal.com inaishia na paypal.com. Lakini service@paypal.com.example.net ni ya mwenye example.net, ambaye yuko huru kutanguliza maneno yoyote mbele ya jina lake.

Anwani nayo huweza kughushiwa. Kwa anayetumia Gmail kwenye kompyuta, kubofya vitone vitatu vya ujumbe na kuchagua “Show original” huonyesha mistari ya SPF, DKIM na DMARC. PASS kwenye DMARC humaanisha ujumbe umeidhinishwa na mwenye anwani inayoonekana. Haimaanishi kwamba mwenye anwani ni mwaminifu: tapeli akisajili anwani yake mwenyewe, naye hupata PASS.

PayPal huwaandikia wateja kwa majina yao kamili, kwa hiyo salamu ya “Mteja mpendwa” ni dalili mbaya. Hata hivyo majina huvuja, na kutajwa jina pekee hakutoshi.

Kinachonasa hata waangalifu ni ankara. Tapeli hufungua akaunti ya PayPal, huandaa ankara ya bidhaa ambayo mteja hakuinunua, kisha katika nafasi ya maelezo huandika namba ya simu ya “kughairi malipo”. PayPal yenyewe ndiyo huituma, hivyo anwani ni halali na vipimo vyote vinapita. Uongo uko kwenye ile namba. Ankara ni ombi tu, na fedha hazitoki mpaka mteja alipe.

Kwa hiyo ujumbe wa namna hii hauthibitishwi kwa kiungo wala namba iliyomo ndani yake. Mteja hufungua programu ya PayPal mwenyewe, au huandika paypal.com kwa mkono, na kutazama miamala yake. Ujumbe wa kughushi hupelekwa phishing@paypal.com kisha hufutwa. Aliyekwisha kutoa nywila huibadilisha mara moja, pamoja na kila akaunti nyingine inayotumia nywila hiyohiyo, akianza na ya barua pepe.