Uzito wa Mtoto: Tuseme Nini, na Tunyamaze Wapi

Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Meru, mtu akirudi nyumbani akaambiwa kwamba amenona, ni sifa anayopewa. Maana yake ni kwamba maisha yamemnyookea. Hata sisi wa pwani, yule tunayemwambia kuwa amenawiri huwa tunamtakia heri. Lakini mtoto wa leo husikia maneno mawili yanayopingana. Nyumbani bibi humsifu kwa mashavu yake, na shuleni wenzake humwita kibonge. Mzazi naye huwa katikati, amejaa wasiwasi, wala hajui aanzie wapi.

Wasiwasi huo una msingi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Katika eneo la Kati, ambamo Nyeri imo, walikuwa karibu nusu. Mama anayetumia vidonge vya shinikizo la damu, au aliyemuuguza mzazi wake kwa kisukari, humtazama bintiye akaogopa. Hofu hiyo ndiyo humponyoka kinywani wakati wa chakula: "Wewe, chapati ya tatu hiyo! Hujioni ulivyo?" Alilokusudia ni huruma, bali alilolisikia mtoto ni kwamba mwili wake ni aibu ya nyumba.

Kwanza, mzazi ajue anachokihofia

Kabla ya kumwambia mtoto neno lolote, ni vyema kuhakikisha kama pana jambo la kusema. Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto hufuatilia ukuaji hadi miaka mitano tu. Baada ya hapo, watoto wengi hawapimwi tena mpaka waugue, na mzazi hubaki kukisia kwa macho, huku macho yakilinganisha na mtoto wa jirani.

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 10 anayeishi Nyeri mjini. Urefu wake ni sentimita 140 na uzito wake ni kilo 42. Wauguzi hugawanya uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 42 kwa 1.96, na jibu ni 21.4. Kwa mtu mzima, kipimo hicho ni cha kawaida kabisa. Kwa mtoto hakisomwi hivyo, bali hulinganishwa na jedwali la Shirika la Afya Duniani la umri na jinsia yake. Kwa msichana wa miaka 10, uzito huhesabiwa kuwa umezidi kipimo kikipita 19 hivi, na unene wa kupindukia huanzia karibu 22.6. Basi binti huyu uzito wake umezidi, lakini hajafika kwenye unene wa kupindukia.

Sasa tazama linalofuata. Katika umri huo mtoto huweza kurefuka sentimita 6 kwa mwaka. Iwapo binti huyu atatimiza miaka 11 akiwa na sentimita 146 na kilo zilezile 42, kipimo chake kitashuka hadi 19.7, na hapo atakuwa ndani ya kiwango cha kawaida cha umri wake. Hakupunguza hata kilo moja. Ni urefu uliomkuta uzito.

Mzazi akilielewa hili, hofu hupungua makali. Kwa watoto wengi wanaokua, haja si kukondeshwa, bali ni kuuzuia uzito usikimbie mbele ya kimo. Tena wasichana wengi hunenepa kidogo kabla ya kuvunja ungo, na hiyo ni sehemu ya ukuaji wao. Kumnyima chakula mtoto wa rika hili ni kumnyima mifupa na damu anayoijenga.

Kwa nini neno "unene" halisaidii

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana zaidi ya 2,000 na wazazi wao. Vijana ambao wazazi wao walizungumzia uzito na ukubwa wa miili yao walielekea zaidi kujinyima chakula na kutumia njia za hatari za kujikondesha. Ambao wazazi wao walizungumzia chakula bora tu, bila kutaja mwili, walielekea huko kwa uchache zaidi. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi kwamba maneno peke yake ndiyo yaliyosababisha, lakini unaonyesha ni mazungumzo yapi yaliyo salama.

Kukataza kwa vitisho nako kuna madhara yake. Mwaka 1999, Jennifer Fisher na Leann Birch waliwawekea watoto wadogo chakula mbele ya macho yao, kisha wakawazuia kukila kwa muda. Watoto walikizungumzia na kukiomba kile kilichozuiwa zaidi kuliko kingine. Kila mama anayeficha biskuti juu ya kabati hulijua jambo hili: kilichofichwa ndicho kinachotafutwa. Mtoto aliyeaibishwa haachi kula, hujifunza kula kwa siri.

Libadilike sinia, asisemwe mtoto

Turudi kwa binti wetu wa mfano. Nyeri ni baridi, hasa mwezi wa Julai, na chai ya maziwa hunywewa asubuhi na jioni. Tuseme kila kikombe chake kina vijiko vitatu vya sukari. Akitoka shule hupita kibandani akala chipsi na soda ya mililita 300, ambayo peke yake ina sukari ya vijiko vinane hivi. Chai na soda zikijumlishwa, ni vijiko 14 kwa siku, kabla hatujataja mandazi.

Mzazi hana haja ya kumwambia binti kwamba amenenepa ili abadilishe haya. Chai ya nyumba nzima ipunguzwe kutoka vijiko vitatu hadi viwili, na baada ya wiki mbili au tatu hadi kimoja, kwa baba, mama na watoto wote. Soda iwe kinywaji cha sikukuu na wageni, na siku nyingine jagi la maji liwe mezani. Badala ya pesa ya chipsi, binti akute nyumbani githeri ya moto, au ndizi na karanga, kwa kuwa njaa ya saa kumi jioni ni ya kweli na haizimwi kwa nasaha. Mukimo na sukuma wiki ni chakula chema cha mlimani na hakina haja ya kuondolewa. Kinachoweza kupungua ni mafuta ya kukaangia.

Mshauri wa lishe Ellyn Satter aliigawa kazi hii kwa namna iliyo nyepesi kukumbuka: mzazi huamua kitakacholiwa, wakati na mahali, mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Kwa hiyo mama akishapika na kupakua, asihesabu matonge. Kama chapati tatu humtia wasiwasi, apike chache na aongeze mboga na maharage, wala asimwambie mmoja aache ilhali kaka yake mwembamba anaongezewa. Kuwagawia ndugu kwa kutazama miili yao ni aibu isiyohitaji maneno.

Akitaka kueleza, asimulie kazi ya chakula wala asitaje umbo: "Mama, tumepunguza sukari sote, meno yetu na damu yetu vipumzike." Hilo latosha.

Mtoto akiuliza mwenyewe

Siku moja binti atarudi nyumbani macho mekundu na kuuliza: "Mama, mimi ni mnene?" Jibu la haraka ni "La, hasha! Wewe ni mzuri." Ni jibu la upendo, lakini linamfunga mdomo, kwani anajua alichoitwa, naye sasa anaona kwamba mama hataki kulisikia. Jibu la pili, "Si nilikwambia?", ni baya zaidi.

Afadhali mama aketi na kuuliza: "Nani amekwambia hivyo, mwanangu? Ulijisikiaje?" Amwache amalize. Kisha aseme: "Aliyekuita hivyo amekosa. Miili ya watu haifanani, na wako bado unakua. Kazi yangu na baba yako ni kupika chakula chema, na yako ni kucheza, kulala vizuri na kula ukishikwa na njaa. Kama kuna jambo la afya, tutakwenda kwa daktari pamoja." Hapo mama hakudanganya, wala hakumkabidhi mtoto mzigo wa watu wazima.

Majina ya dhihaka ndani ya nyumba nayo yakome, hata yale ya mapenzi kama "kibonge wangu". Sura ya al-Hujurat imekataza kudharauliana na kuitana kwa lakabu mbaya, na mtoto wetu si nje ya katazo hilo. Ikiwa msemaji ni bibi, asikosolewe mbele ya wajukuu. Mama amwendee faraghani: "Mama, mjukuu wako anakupenda, neno lako humkaa moyoni. Tafadhali msifu kwa kisomo chake, mwili wake tuuache." Na mtoto asihimizwe kufunga ili apungue. Saumu ni ibada, na akifundishwa kuwa ni adhabu ya mwili wake, ataibeba hivyo hata ukubwani.

Wakati wa kumwona daktari

Yapo mambo yasiyongoja. Ngozi nyeusi na nzito shingoni au kwapani huweza kuashiria kuwa mwili unashindwa kuitumia sukari sawasawa. Kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara usiku, kukoroma kwa kukatika pumzi, maumivu ya nyonga au goti yanayomfanya achechemee, au kunenepa huku harefuki, yote yahitaji uchunguzi. Vivyo hivyo mtoto anayeruka milo, anayeficha chakula, au anayejifungia msalani kila baada ya kula huenda ameshaumizwa na maneno, hata kama uzito wake unapungua na watu wanamsifu.

Kabla ya kuingia chumbani, mzazi aombe dakika mbili na muuguzi au daktari peke yake. Aseme: "Tafadhali mpime faraghani, usiitaje namba kwa sauti, na mashauri ya uzito unipe mimi." Ombi hilo ni haki yake, nalo humwondoshea mtoto fedheha ya kusomewa kilo zake mbele ya foleni.