Kwa Nini Tarehe ya Saa Haibadilishwi Usiku

Mafundi saa huletewa mara kwa mara saa ya mkono isiyo na kasoro yoyote ya mwendo. Mishale inakwenda vizuri, haichelewi wala haikimbii, ila tarehe imegoma. Leo inaonyesha 17, kesho 17, keshokutwa 17. Mwenyewe anaapa kwamba saa haijaanguka wala haijaingia maji. Mara nyingi kosa lilifanyika kwa vidole viwili tu: aliibadilisha tarehe usiku, mishale ikiwa inakaribia kumi na mbili.

Chini ya uso wa saa yenye kalenda kuna pete bapa iliyoandikwa namba 1 hadi 31. Upande wake wa ndani una meno 31, jino moja kwa kila siku. Kando yake kuna gurudumu dogo linaloendeshwa na mshale wa saa, lakini limepangwa lizunguke mara moja tu kwa saa 24. Gurudumu hilo lina kidole kilichochomoza. Kila usiku kidole hicho hufika kwenye pete, kikaingia kati ya meno mawili na kulisukuma moja mbele. Springi ndogo inayoibana pete huiachia iruke hatua moja, kisha huishika tena. Namba mpya inakaa dirishani.

Kazi hiyo haifanyiki kwa dakika moja. Gurudumu linalomaliza duara kwa saa 24 husogea polepole mno, kwa hiyo kidole huanza kuingia kati ya meno mapema usiku na hakitoki mpaka karibu na alfajiri. Ndiyo maana vitabu vya maelezo vya saa nyingi hukataza kugusa tarehe kuanzia saa 3 usiku hadi saa 9 au 10 alfajiri, yaani mishale ikionyesha 9 hadi 3 au 4. Wengi huamini kwamba namba ikisharuka hatari imekwisha. La. Kidole bado kimo ndani ya meno, na jino linalofuata limekaa nyuma yake.

Sasa mtu anavuta kifundo cha pembeni hatua ya kwanza na kukizungusha ili abadilishe tarehe upesi. Njia hii haipitii kwenye mishale. Ina kigurudumu chake chenyewe kinachokamata meno ya pete na kuisukuma mbele. Mchana pete huzunguka bila kizuizi. Usiku, jino la nyuma hukipiga kidole mgongoni. Kidole hakiwezi kukimbia, kwa kuwa kimefungwa kwenye mlolongo wa gia unaopunguza mwendo, na gia za namna hiyo hazisukumiki kirahisi kutoka upande wa mwisho. Mkono wa binadamu una nguvu nyingi kuliko vipande hivyo, kwa hiyo kilicho dhaifu ndicho hushindwa: kidole hupinda au kuvunjika, jino la pete hukatika, au kigurudumu cha kurekebishia husagika.

Mfano mzuri ni mashine ya Seiko iitwayo 7S26, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996 na kuwekwa ndani ya saa nyingi za Seiko 5. Inajitia ufunguo yenyewe mkono unapotikisika, na inaonyesha tarehe pamoja na siku ya wiki. Ni mashine imara, lakini baadhi ya vipande vya kalenda yake ni vya plastiki. Tena ina kazi mbili za kufanya usiku: hubadilisha tarehe kwanza, siku ya wiki ikafuata baadaye. Kwa hiyo muda wa hatari huendelea hadi mishale ifike karibu na 4.

Jambo linalowakosesha watu wengi ni kudhani kwamba usiku unaozungumzwa ni usiku wa nje. Mashine haijui kama jua limechomoza. Inajua mishale ilipo tu. Saa iliyolala kwenye droo na kusimama mishale ikiwa 11 usiku itakuwa hatarini hata ukiichukua saa 4 asubuhi. Na uso wenye namba kumi na mbili haukuambii kama hiyo 11 ni ya usiku au ya mchana.

Tuchukue mtu aliyevua saa ya 7S26 Ijumaa tarehe 10 jioni. Saa hiyo hutunza nguvu kwa takriban saa 40, kwa hiyo imesimama Jumapili. Anaikuta Jumanne tarehe 14, saa 9:20 alasiri. Mishale iko 11:40, dirisha linaonyesha 12. Asianze na tarehe. Avute kifundo hadi hatua ya mwisho, azungushe mishale mbele mpaka ifike 6. Namba hiyo imechaguliwa kwa sababu, iwe asubuhi au jioni, kidole kiko mbali na meno.

Kisha arudishe kifundo hatua moja, aweke tarehe 13 na siku ya Jumatatu, yaani jana yake. Avute tena hadi mwisho, azungushe mbele. Mishale ikipita 12 na tarehe isibadilike, huo ulikuwa mchana, aendelee. Ikipita 12 na tarehe ikawa 14, ni usiku wa manane wa kuamkia Jumanne. Siku ya wiki ikichelewa kidogo asishtuke. Aendelee mbele, apite 12 ya mchana mara moja, asimame 3:20, asukume kifundo ndani. Sasa mashine na mwenyewe wanakubaliana kuhusu mchana na usiku, na tarehe haitaruka saa sita mchana.

Kazi kama hiyo itarudi hata kwa asiyeivua saa kamwe. Pete ina siku 31 kila mwezi, kwa hiyo mara tano kwa mwaka inahitaji msaada: tarehe 1 ya Machi, Mei, Julai, Oktoba na Desemba. Machi mosi ya mwaka wa kawaida saa itaonyesha 29, nawe utaisogeza hatua tatu. Kishawishi ni kuifanya usiku uleule mwezi unapogeuka. Subiri kuche.

Uharibifu una dalili zake. Tarehe ikigoma usiku lakini ikakubali kubadilishwa kwa kifundo, mshuku kidole. Kifundo kikizunguka bila kubadilisha kitu, kigurudumu cha kurekebishia kimeliwa. Namba ikikwama nusu dirishani kila mwezi mahali palepale, huenda jino la pete limekatika. Saa nzima ikisimama, yawezekana kipande kilichovunjika kimeingia kwenye gia. Ukikutana na ugumu wakati wa kuzungusha, acha papo hapo. Kipande chenyewe huenda kikawa cha bei ndogo, lakini fundi lazima ang'oe mishale na uso wa saa ndipo akifikie.

Saa zote haziko sawa. Rolex Datejust, iliyotoka mwaka 1945, haikuwa na njia ya mkato ya kubadilisha tarehe hadi mashine ya 3035 ilipokuja mwaka 1977. Kabla ya hapo mtu alizungusha mishale tu, na ajali hii haikuwapo. Mashine nyingine za leo zina kidole chenye springi kinachokunjika kikisukumwa. Saa za betri zenye mishale na pete ya tarehe ziko hatarini pia, ila za namba za kidijitali hazina pete ya kuvunja. Kama hujui yako ni ya aina gani, ichukulie kuwa ni ile inayovunjika: peleka mishale 6 kwanza, ndipo uguse tarehe.