Mteja akikuomba ankara ya tarehe ya nyuma, umjibu nini?

Wengi wetu wenye vibiashara hapa Oman tumeshayasikia maneno haya: "Yakhe, nifanyie wema, niandikie tarehe ya mwezi uliopita. Tarehe tu hiyo, pesa zako utapata zote." Anayeomba mara nyingi si mtu mbaya. Ni mteja wa miaka, pengine jamaa, na kumkatalia kunatia haya.

Tuchukue mfano wa fundi wa viyoyozi mwenye duka Seeb. Tarehe 13 Januari amebadilisha kompresa mbili katika ofisi moja ya Ruwi. Kazi ni riali 600, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ni riali 30, jumla 630. Meneja wa ofisi anataka ankara iandikwe 28 Disemba, maana bajeti ya mwaka jana ilibakisha pesa na ya mwaka huu bado haijapitishwa.

Fundi anaona ni tarehe tu. Lakini tangu kodi hii ianze Oman, 16 Aprili 2021, tarehe ndiyo inayoamua mauzo yaingie katika hesabu za robo gani ya mwaka. Hesabu za Oktoba mpaka Disemba hupelekwa Mamlaka ya Kodi ndani ya siku 30 baada ya robo kwisha. Akiandika 28 Disemba, itabidi atangaze kwenye robo hiyo mauzo ambayo hayakuwapo. Akiyatangaza Januari, karatasi yake na hesabu zake hazitasema kitu kimoja. Na mteja naye, kama amesajiliwa, atadai zile riali 30 katika robo isiyokuwa yake.

Kujulikana si kazi kubwa. Ankara zina namba za kufuatana. Kama namba 214 ilitoka tarehe 12 Januari, vipi namba 215 iwe ya Disemba? Risiti ya kununulia zile kompresa ni ya 11 Januari, yaani zimefungwa kabla ya kununuliwa! Na yale maombi yenyewe yamekaa kwenye Wasapu, kwa maneno ya mteja mwenyewe. Kumbukumbu za kodi hii zinatakiwa zitunzwe miaka 10, kwa hivyo swali linaweza kuja wakati meneja yule keshahama kazi zamani. Atakayeulizwa ni mwenye jina na muhuri juu ya karatasi.

Sasa umjibu nini bila ya kumvunjia heshima? Kwanza muulize: "Shida yako hasa ni nini?" Jawabu ndiyo itakayokuonyesha njia.

Kama kazi ilifanyika kweli Disemba na wewe ndiye uliyechelewa kuandika, andika ankara kwa tarehe ya leo, na ndani yake uweke wazi tarehe ambayo kazi ilifanyika. Mhasibu wa mteja anaweza kuiingiza gharama hiyo katika hesabu za mwaka uliopita kama deni ambalo lilikuwa bado kulipwa, na hati ya kupokea kazi iliyotiwa saini siku ile itamtosha kuwa ushahidi. Lakini nawe ujue: kodi hufuata lile lililotangulia kati ya kazi kufanyika, ankara kutolewa, au pesa kupokewa. Kazi ya Disemba ni ya robo ya Disemba, hata kama karatasi imetoka Januari.

Kama ankara ilitolewa kwa wakati wake ikapotea, hapo hakuna dhambi. Mtolee nakala ileile, namba ileile na tarehe ileile, uandike juu yake NAKALA. Na kama ile ya kwanza ilikosewa, usiifute wala usiichane. Toa krediti noti inayotaja namba yake, kisha uandike mpya kwa tarehe ya siku unayoiandika.

Fundi wetu wa Seeb hayumo katika hayo yote, kwani kazi yake ni ya Januari. Alilonalo mkononi ni muda. Anaweza kumwambia hivi: "Bwana, tarehe siwezi kuigusa, itatudhuru sote wawili. Lakini nakupa siku 45 za kulipa, mpaka bajeti yako ipite." Ankara inabaki ya Januari, na zile riali 30 atazitangaza katika robo ya Januari mpaka Machi, ambayo hesabu zake hazipelekwi mpaka Aprili. Kumngoja mteja hakumgharimu sana.

Na mwakani, ofisi ikiwa na pesa za kubakia, imwite Novemba. Kazi ikifanyika Disemba, ankara itakuwa ya Disemba, na hapana mtu wa kumwomba mwenziwe wema.