Doa la Damu Baada ya Tendo la Ndoa

Mama mwenye mimba ya wiki 18 anaamka asubuhi, anakwenda chooni, anajifuta na kuona doa la waridi. Usiku alikuwa na mumewe. Tumbo haliumi. Jioni doa limekuwa la kahawia, na kesho yake limekwisha. Lakini kwa siku hiyo nzima amejilaumu, akiamini wamemdhuru mtoto.

Hawakumdhuru. Mtoto yuko ndani ya chupa ya maji, na njia ya kumfikia imezibwa na ute mzito. Damu ile kwa kawaida ni ya shingo ya kizazi. Ndani ya tundu la shingo hiyo kuna utando mwembamba mwekundu unaotoa ute. Kwa nje imefunikwa na ngozi ngumu zaidi. Mimba inapopandisha homoni ya estrojeni, utando ule wa ndani hutokeza nje, nayo mishipa yake imejaa damu. Ukiguswa na uume, spekula au kidole cha mkunga, huvuja kidogo. Wataalamu huita hali hiyo ektropioni. Wapo wanaoiita kidonda, jina linalotisha bure, kwani hakuna kilichochubuka wala kinachohitaji kuchomwa.

Hata hivyo mama huyo aende kliniki, kwa sababu macho yake hayawezi kuona damu imetoka wapi. Mkunga atamwuliza: "Damu ilikuwa nyingi kiasi gani, mama? Kuna maumivu?" Kwa spekula ataona duara jekundu kuzunguka tundu. Huenda akaona kinyama kinachoning'inia, au usaha unaoashiria maambukizi yenye tiba. Damu ikijirudia kila baada ya tendo, au shingo ikiwa na uvimbe, daktari atachunguza saratani, ujauzito hauikingi.

Mimba ikishakua, jambo la kuogopa zaidi ni kondo la nyuma lililokaa chini na kufunika mlango. Damu yake huwa nyekundu mbichi na mara nyingi haina maumivu, ndiyo maana huwadanganya watu. Kidole kikipenya hapo kinaweza kufungulia damu nyingi mno. Kwa hiyo mjamzito anayetoka damu asipimwe kwa vidole mpaka ultrasaundi ionyeshe kondo lilipo, naye ana haki ya kuuliza hilo kabla ya kupanda kitandani.

Pedi ikilowa ndani ya saa moja, tumbo likikaza na kuuma, maji yakitoka, au mama akiona kizunguzungu, aende hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Miezi ya mwanzo, maumivu ya upande mmoja au ya bega yanaweza kuwa dalili ya mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mwenye kundi la damu la Rh hasi aonyeshe kadi yake: huenda akahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72.

Yule wa wiki 18 avae pedi ili aone kiasi cha damu, na wapumzike tendo la ndoa mpaka ikatike kabisa.