Akila Tu, Tumbo: Barua ya Dada Kutoka Muheza

Barua ilifika Dar es Salaam ndani ya kiroba cha machungwa, kwa mkono wa kondakta wa basi. Dada yangu wa Muheza, mtoto wa mama mkubwa, ana simu kama watu wengine, lakini jambo zito huliandika. Alijaza kurasa mbili za daftari la shule. Kwa ruhusa yake naiweka hapa karibu yote, maana kina mama wanaoniletea watoto kliniki huniuliza maswali hayohayo, ila wachache hueleza vizuri kama yeye.

"Mdogo wangu daktari, asalaam aleykum. Sisi hatujambo, mama naye hajambo, ni magoti tu. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni mpwa wako. Tangu Februari tumbo linamsumbua kila akila. Haipiti robo saa tangu ainuke mkekani, anajikunja, anashika kitovu, machozi yanamlenga. Uji wa asubuhi, ugali wa mchana, wali wa usiku, ni vilevile. Baada ya nusu saa linaachia, na utamwona huyo anakimbilia mpira. Usiku analala. Ila sasa anaogopa chakula, sahani anaisukuma kabla hajashiba.

"Zahanati walimpa dawa ya minyoo mara mbili. Tukampima damu kwenye maabara moja ya mjini, wakasema ana vidonda vya tumbo, akameza vidonge wiki mbili. Hakuna kilichobadilika. Jirani anasema ni chango. Wifi yangu anasema ni jicho la watu, kwa vile mtoto anaumwa akila mbele za wageni. Mimi nawaza maharage. Niambie, chanzo ni nini? Nimwachishe maharage? Nimlete huko apigwe picha?

"Lipo jambo jingine, naona haya kuliandika. Chupi yake naikuta imechafuka, kama mtu anayeharisha kidogo kidogo. Mtoto wa miaka 9! Nimemchapa mara mbili. Anaapa kwamba hakujua."

Aya hiyo ya mwisho niliisoma mara tatu. Dada aliiandika kama nyongeza ya aibu, na kumbe jibu lilikuwa humo.

Lakini daktari hakimbilii jibu, huanza na mahali. Mtoto anaumwa wapi? Miaka ya 1950, huko Bristol, Uingereza, daktari wa watoto aliyeitwa John Apley aliwachunguza watoto wa shule 1,000 pamoja na mwenzake. Waligundua kwamba karibu mtoto 1 kati ya 10 alikuwa na maumivu ya tumbo yanayokwenda na kurudi, na wengi wao hawakuwa na ugonjwa wowote wa kuonekana. Apley akaacha kanuni ambayo madaktari wa watoto bado wanaikumbuka: kadiri maumivu yanavyokaa mbali na kitovu, ndivyo uwezekano wa kukuta ugonjwa wa kiungo fulani unavyoongezeka. Mpwa wangu alikuwa anashika kitovu chenyewe. Kanuni hiyo si msumeno, hata kidole tumbo huanza kwa kuuma kitovuni kabla ya kuhamia chini kulia. Ila maumivu ya kidole tumbo hayasubiri chakula, wala hayamwachi mtoto akacheze mpira kwa miezi miwili.

Jambo la pili ni saa. Hapa nawaomba kina mama wakumbuke mtoto mchanga. Ukimweka tu titini, kabla hata hajashiba, nepi imejaa. Hakuna maziwa yaliyopita tumboni kwa kasi hiyo. Kinachotokea ni kwamba tumbo linapoanza kutanuka kwa chakula, hutuma habari kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye utumbo mpana, kule mwisho, kana kwamba linasema: huku kuna wageni, pisheni. Utumbo mpana hujikaza kwa nguvu na kusukuma mbele mabaki ya jana na juzi. Sote tunao mwendo huo mpaka uzeeni, ndiyo maana watu wengi huenda chooni baada ya chai ya asubuhi.

Sasa fikiria utumbo huo unasukuma, na kule mlangoni kuna bonge gumu lisilosogea. Ni kama kukamua chupa iliyozibwa. Maumivu huja kwa mawimbi, huanza dakika chache baada ya kula, na utumbo ukichoka kusukuma yanaachia. Ni uji, ni ugali, ni wali, haijalishi, kwa sababu kinachouma si chakula kilichoingia bali kile kilichogoma kutoka. Maharage ya dada hayakuwa na kosa lolote. Hata wifi alikuwa ameona sawasawa kwamba mtoto huumwa akila. Alikosea shahidi tu.

Na ile chupi? Mtoto akizuia haja siku baada ya siku, utumbo mpana huendelea na kazi yake ya kunyonya maji, na kinyesi hukauka na kukua. Sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka kulipa nafasi bonge hilo, na ikishatanuka hupoteza hisia. Mtoto hasikii tena kwamba amejaa. Kinyesi laini kinachofika nyuma ya bonge hupenya pembeni yake na kuvuja kwenye nguo, bila yeye kujua. Anaapa hakujua, na anasema kweli. Nimewaona watoto waliopewa dawa ya kuzuia kuhara kwa sababu ya uvujaji huo. Hiyo ni kufunga mlango uliokwisha kufungwa.

Nilimpigia dada simu nikamuuliza swali moja: mtoto anapata choo mara ngapi kwa wiki? Kimya. "Mdogo wangu, mtoto wa darasa la tatu huenda mwenyewe. Mimi nitajuaje?" Hilo ndilo tatizo la ugonjwa huu. Mtoto wa miaka 2 mama anajua kila kitu chake, wa miaka 9 hajui lolote. Nikamwomba mtoto. "Mjomba," alisema kwa sauti ya chini, "choo cha shuleni hakina mlango." Januari alikuwa amehamia shule nyingine. Mwezi mmoja baadaye tumbo likaanza. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja la choo kwa wavulana 25 na moja kwa wasichana 20, lakini tundu lisilo na mlango kwa mtoto mwenye haya ni sawa na tundu lisilokuwepo. Alikuwa anajikaza mpaka jioni, na jioni hamu imeshapita.

Nikampa dada kazi ya wiki mbili: aweke alama kwenye kalenda ya ukutani kila mtoto anapopata choo, na aandike kilivyokuwa. Zilitoka alama 3 ndani ya siku 14, mara mbili "vigololi kama vya mbuzi", mara moja "kikubwa, kigumu, amelia". Sisi madaktari tuna chati ya kueleza umbo la choo kwa namba, 1 mpaka 7, nayo pia ilitoka Bristol, mwaka 1997. Namba 1 ni vigololi hivyo hivyo vya mbuzi. Dada hakuhitaji chati.

Kuhusu vidonda nilimjibu hivi. Bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo aligunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren kule Perth, Australia, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Lakini katika nchi zetu watoto wengi humpata bakteria huyo wakiwa wadogo, na wengi wao hawana kidonda. Kipimo cha damu kinaonyesha kwamba mwili umewahi kukutana naye, labda mwaka juzi. Hakionyeshi kidonda. Ndiyo maana miongozo ya watoto inashauri tusikitumie kutafuta chanzo cha maumivu ya namna hii. Kwa maoni yangu kipimo hicho kimewauzia wazazi vidonge vingi kuliko kilivyowatibu watoto. Kidonda cha kweli humwamsha mtoto usiku, huuma juu ya kitovu chini ya kifua, na wakati mwingine huleta matapishi yenye damu au choo cheusi kama lami.

Hata hivyo sikutibu kwa simu. Nilimtaka ampeleke hospitali ya wilaya, akapimwe uzito, ashikwe tumbo na apimwe choo, kwa kuwa minyoo na amiba hawajahama Muheza. Uzito haukuwa umeshuka. Daktari alipobonyeza chini kushoto akakuta bonge kama muhogo, na picha haikuhitajika. Angekuwa amekonda, au ana homa, au anatapika kijani, au choo kina damu, au tumbo limevimba na kukaza, au ana selimundu, hadithi ingekuwa nyingine na nisingemwambia asubiri alama za kalenda hata siku moja.

Tiba ina hatua mbili, na watu wengi huishia ya kwanza. Kwanza bonge litolewe. Alipewa laktulosi, dawa tamu ya maji inayovuta maji ndani ya utumbo na kulainisha kinyesi, kwa kipimo kikubwa kilichopangwa kwa uzito wake. Siku ya nne dada alinipigia akicheka: "Mdogo wangu, kimetoka kitu!" Wiki hiyo hiyo mtoto alimaliza sahani ya wali bila kujikunja.

Hatua ya pili inachosha. Utumbo uliotanuka huchukua miezi kurudi saizi yake, kwa hiyo dawa huendelea kwa kipimo kidogo, angalau miezi miwili, kisha hupunguzwa taratibu. Sambamba na hiyo, kila baada ya mlo mtoto huenda chooni dakika 5 mpaka 10, awe na hamu au asiwe nayo, ili autumie ule mwendo wa utumbo badala ya kupigana nao. Choo chao ni cha kuchuchumaa, ambacho ndicho mkao mzuri. Wenye choo cha kukaa wamwekee mtoto kigoda chini ya miguu. Papai, mboga za majani na ugali wa dona vinasaidia baadaye, ila kumjaza mtoto makapi wakati bonge bado lipo ni kuongeza abiria kwenye basi lililokwama.

Dada aliacha dawa wiki ya tatu. "Si amepona?" Juni tumbo likarudi, na chupi ikarudi, tukaanza upya. Safari hii alikwenda pia kwa mwalimu wa darasa, akaomba mtoto aruhusiwe kutoka baada ya uji wa saa nne bila kunyoosha mkono. Shemeji yangu, ambaye ni fundi, alikwenda shuleni Jumamosi moja na kipande cha bati, bawaba mbili na komeo.

Mlango huo uliwekwa Agosti. Fimbo dada ameiacha, na mtoto bado anakunywa kijiko chake kila jioni.