Choo Kinachochelewa Njiani na Choo Kinachokwama Mlangoni

Mtu akilalamika kwamba hapati choo, kila aliye karibu naye ana dawa. Huyu atasema ale papai, yule atataja mchicha na ugali wa dona, mwingine atamletea maji ya ukwaju. Kwa wengi ushauri huo unatosha. Lakini wapo waliokula mapapai hadi wakayachoka, na walichopata ni tumbo kujaa gesi tu. Mwaka 1997 madaktari wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa namna hii isabgoli, yenye nyuzinyuzi nyingi. Wale ambao vipimo havikuwaonyesha kasoro yoyote, wengi walipata nafuu au walipona. Wale ambao utumbo wao ulikuwa mzito kusafirisha choo, wanane katika kila kumi hawakupata nafuu.

Uzito huo uko kwenye utumbo mpana, ambao una urefu wa mita moja na nusu hivi. Chakula hufika humo kikiwa majimaji kama uji, na kazi ya utumbo ni kuyanyonya maji hayo huku ukikisogeza kinyesi polepole. Mchana kutwa misuli yake hujibana hapa na pale, ikichanganya zaidi kuliko kusukuma. Safari yenyewe inategemea mawimbi machache yenye nguvu, kama sita kwa siku, yanayofagia sehemu ndefu ya utumbo kwa mara moja. Mengi huja mtu anapoamka au baada ya kula, na ndiyo maana wengi hubanwa na haja mara baada ya chai ya asubuhi. Kwa mwenye ugonjwa huu mawimbi hayo ni haba au dhaifu. Kinyesi hukaa, maji huendelea kunyonywa, na hatimaye hutoka vipande vidogo vigumu kama choo cha mbuzi. Wataalamu walipochunguza tumbo za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, mara nyingi walikuta upungufu wa seli za Kajali, zilizopewa jina la mwanasayansi wa Hispania Santiago Ramón y Cajal. Seli hizo ndizo zinazoipa misuli ya utumbo mdundo wake.

Tuwachukue dada wawili, wa mfano tu. Mdogo ana miaka 26. Hupata choo mara moja kwa wiki, na siku za katikati habanwi na haja hata kidogo; kufikia jioni tumbo limejaa na sketi inambana. Hali hiyo ilimwanza alipovunja ungo, na ugonjwa huu kweli huwapata zaidi wanawake vijana. Dada yake mkubwa habanduki chooni. Haja inamjia kila siku, anajikamua nusu saa, kinatoka kidogo, naye anainuka akihisi bado kipo. Pengine hulazimika kusaidia kwa kidole, jambo ambalo hajamwambia mtu yeyote.

Wote wawili wanasema "nimefunga choo", na duka la dawa litawauzia kitu kilekile. Lakini kwa mkubwa utumbo unaweza kuwa unasukuma vizuri na kinyesi kimeshafika kwenye puru. Kasoro iko kwenye kutoa. Mtu anaposukuma, misuli ya tundu la haja kubwa, pamoja na mshipi wa msuli unaoivuta puru mbele na kuikunja, inapaswa kulegea. Kwake inajibana. Anasukuma kwa tumbo huku akifunga kwa chini bila kujijua.

Kipimo cha kwanza cha kuwatofautisha hakihitaji mashine, nacho ndicho kinachorukwa zaidi, nadhani kwa aibu ya pande zote mbili. Daktari huvaa glovu, huingiza kidole na kumwambia mgonjwa asukume kana kwamba anajisaidia. Misuli ikilegea, vizuri. Ikikibana kidole, shaka inaelekea mlangoni. Kinachofuata ni kibofu kidogo cha mpira chenye mililita 50 za maji, kinachowekwa kwenye puru ili mgonjwa akitoe akiwa peke yake chooni. Watu wengi wasio na tatizo hukitoa ndani ya dakika moja. Dada mkubwa angekaa nacho mpaka kitolewe na muuguzi.

Safari yenyewe hupimwa kwa vipete vidogo 24 vinavyoonekana kwenye eksirei, vilivyotiwa ndani ya kidonge kimoja. Si kila hospitali inavyo. Mgonjwa akikimeza Jumapili, hupigwa picha Ijumaa, na katikati hatumii dawa yoyote ya kulainisha choo, maana ataharibu kipimo. Vikibaki vitano au pungufu, safari ni ya kawaida. Vikibaki zaidi ya hapo vikiwa vimetawanyika utumbo mzima, utumbo ni mzito. Vikirundikana chini karibu na puru, mlango ndio unaoshukiwa.

Hapa kuna mtego. Mlango ukifungwa kwa muda mrefu, utumbo wote unaweza kupunguza mwendo nyuma yake, na vipete vikatawanyika vilevile. Kwa hiyo picha ya vipete bila kipimo cha mlango inaweza kumpa mtu ugonjwa asio nao. Wapo wagonjwa ambao, baada ya kufundishwa kusukuma vizuri, safari ya utumbo imerudi kuwa ya kawaida bila dawa nyingine. Mlango hushughulikiwa kwanza.

Dada mkubwa, basi, hahitaji dawa kali bali mafunzo: vipindi vichache na mtaalamu, kifaa kikimwonyesha kwenye skrini lini misuli yake inabana na lini inalegea. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa aina yake hupata nafuu ya kweli. Kuchuchumaa nako kunasaidia, kwa kuwa mkunjo wa puru hunyooka. Mwenye choo cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu.

Kwa mdogo mafunzo hayo hayafui dafu. Kabla ya kumpa chochote, daktari aulize anameza nini, kwa sababu kodeini, tramadoli na vidonge vya madini ya chuma hufunga choo, kisha apime tezi ya shingo, ambayo ikizorota utumbo nao huzorota. Choo chenye damu, kukonda bila sababu, au tatizo lililoanza ghafla baada ya miaka 45 vinahitaji uchunguzi wa utumbo wenyewe. Kutapika huku tumbo limevimba na hata gesi haitoki ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Hayo yakiwa safi, huanzishiwa unga wa makrogoli, gramu 17 kwenye glasi ya maji kila siku. Huzuia maji yasinyonywe yote, na huchukua siku kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Usipotosha, huongezwa bisakodili usiku, ambayo huuchokoza utumbo na kuleta choo asubuhi. Wengi huiogopa wakisema inaulemaza utumbo. Kwa vipimo vinavyopendekezwa, ushahidi wa madai hayo ni hafifu. Ipo pia prukalopridi, iliyotengenezwa mahususi kuamsha yale mawimbi ya kufagia. Nyuzinyuzi apunguze zikimjaza gesi, hata jirani wakisema nini.

Wachache ambao dawa zote zimewashinda hufanyiwa upasuaji wa kuondoa utumbo mpana na kuunganisha utumbo mwembamba na puru. Choo kitakuja, pengine mara kadhaa kwa siku na kikiwa chepesi, ingawa maumivu na kujaa gesi huweza kubaki palepale. Daktari mpasuaji makini hatamkubali mgonjwa kabla ya kuona majibu ya kile kibofu cha maji, kwa sababu ukikata utumbo wa mtu ambaye mlango wake haufunguki, atarudi na lalamiko lilelile.